Warumi 15:5-6: "awajalie" na "mmtukuze" kwa Kigiriki si dhamira moja. Tofauti yake hasa ni nini?

Mwinjilisti_K

Wakuu, bwana asifiwe na habari za jioni.

Naandaa somo la Warumi 15 kwa ajili ya kikundi cha wazee wetu wa kanisa. Mstari wa 5 na wa 6 unasomeka hivi: "Na Mungu mwenye saburi na faraja awajalie kunia mamoja ninyi kwa ninyi, kwa mfano wa Kristo Yesu, ili kwa moyo mmoja na kwa kinywa kimoja mmtukuze Mungu, Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo."

Kuna kitabu cha maelezo nimekisoma, kinasema kitenzi cha kwanza, hiki "awajalie", kwa Kigiriki kiko katika optativu, dhamira ambayo ni adimu sana katika Agano Jipya. Cha pili, "mmtukuze", kiko katika subjunktivu, ndiyo hii sisi shuleni tuliambiwa dhamira tegemezi. Mwandishi akaishia hapo, akaendelea na mambo mengine.

Sasa mimi kwa Kiswahili naona vyote viwili vinaishia na -e. Awajali-e, mmtukuz-e. Masikioni mwangu ni kitu kimoja. Paulo alikuwa na sababu gani ya kutumia viwili tofauti ndani ya sentensi moja? Na mtu ambaye hajui Kigiriki anapoteza nini akisoma tu Kiswahili? Nina alfabeti ya Kigiriki na miezi michache ya darasa, kwa hiyo msiogope kunitajia maneno yenyewe.

Jabali la Kusini

Mtumishi, hili mbona ni jepesi. Tulifundishwa chuoni kwamba dhamira za Kigiriki zinapangwa kwa umbali wake na uhakika. Ya kwanza ni kauli ya kueleza: jambo lipo. Subjunktivu inafuata: jambo lina uwezekano wa kutokea. Optativu iko mbali kabisa: jambo linatamaniwa tu, na uwezekano wake ni mdogo.

Kwa hiyo Paulo anaposema "Mungu awajalie" kwa optativu, anaonyesha kwamba Wakristo wa Rumi walikuwa wamegawanyika kiasi kwamba kupatana kwao kulikuwa ni tumaini la mbali. Soma sura ya 14 yote, wanagombana juu ya nyama na mboga na siku. Kisha "mmtukuze" inakuwa subjunktivu kwa sababu wakishapatana, kumtukuza Mungu kunakuwa karibu zaidi na uhakika. Ni ngazi mbili. Mhubiri mzuri anaweza kupata mahubiri mazima hapo.

Mama Kandili

Naomba niingie, kwa sababu nafundisha Kigiriki cha Agano Jipya na jambo hili huwa linanigusa. Jabali, ngazi uliyofundishwa ipo kweli kwenye vitabu na ina sehemu yake ya ukweli, nitaifikia. Lakini kwa mstari huu haifai, na ukiipeleka mimbarani utamfanya Paulo aseme kitu ambacho hakusema.

Tuangalie sentensi yenyewe. Kitenzi cha kwanza ni *dōē*, kutoka *didōmi*, kutoa. Mtendaji ni Mungu: *ho de theos … dōē hymin*. Hakuna kiunganishi chochote kinachokitangulia kitenzi hicho, hakuna "ili", hakuna "kama", hakuna "iwapo". Sentensi imesimama yenyewe, na nafsi ni ya tatu. Kitenzi cha pili ni *doxazēte*, na mbele yake limekaa neno *hina*, yaani "ili". Ondoa *hina* na kitenzi hicho hakina pa kushika.

Tofauti ya kwanza ndiyo hiyo, na ni ya kazi, siyo ya kiwango cha uhakika. Subjunktivu ikiwa katika nafsi ya tatu kwa kawaida inahitaji neno la kuiongoza: *hina*, *ean*, *hotan*. Ikisimama peke yake bila neno la kuiongoza, mara nyingi inakuwa nafsi ya kwanza wingi, mtu anawahimiza wenzake: 1 Wathesalonike 5:6, "tusilale usingizi kama wengine, bali tukeshe". Hapo msemaji na wasikilizaji ndio wenye kulitenda jambo. Paulo akitaka kusema kwamba *Mungu* afanye kitu, na haongei na Mungu moja kwa moja bali anawaandikia watu, subjunktivu ya Kigiriki haimpi mlango. Optativu inampa.

Kwa hiyo *dōē* ni ombi linalopelekwa kwa Mungu huku macho yakiwa kwa waumini. Na *doxazēte* ni shabaha ya ombi hilo: anaomba ili nini? Ili mmtukuze. Hazifuatani kama vidato vya ngazi. Moja imebeba, nyingine imebebwa.

Mwinjilisti_K

Mwalimu, shikamoo, na asante. Hapa naanza kuona. Ila nina swali kuhusu huo "mlango". Je, hakuna mahali popote ambapo subjunktivu imesimama yenyewe kwa nafsi ya tatu ikatakia jambo?

Mama Kandili

Marahaba. Nitakujibu, ila ngoja kwanza wengine waseme, naona kuna watu wanaandika.

Mzee wa Zamu

Nashukuru kwa mada hii maana kwetu imeleta ugomvi. Nilikuwa zamu Jumapili moja, nikafunga ibada kwa Neema: "Neema ya Bwana Yesu Kristo, na pendo la Mungu, na ushirika wa Roho Mtakatifu ukae *nasi* sote." Mwenzangu mmoja akanisahihisha mbele ya watu, kwamba lazima iwe "nanyi nyote" kwa sababu hiyo ni baraka ya mitume na mtume anabariki, hajibariki. Mwingine akasema asiye mchungaji haruhusiwi "nanyi", aseme "nasi". Sasa hiyo optativu inasemaje? Kigiriki kinaruhusu "nasi"?

Mama Kandili

Mzee wangu, pole kwa kusahihishwa mbele ya watu. Mstari huo ni 2 Wakorintho 13, wa mwisho kabisa, na Kigiriki kinasema *meta pantōn hymōn*, "pamoja nanyi nyote". Hilo la nafsi liko wazi kwa maandishi ya Paulo. Kama kiongozi wa ibada asiye mchungaji aseme "nasi", hilo ni suala la utaratibu wa kanisa lenu na sarufi haiwezi kuliamua.

Lakini kuna kitu kuhusu mstari huo ambacho kinafaa kwenye uzi huu: hauna kitenzi. Hakuna "ukae". Kigiriki kinasema tu: neema ya Bwana Yesu Kristo na upendo wa Mungu na ushirika wa Roho Mtakatifu pamoja nanyi nyote. Watafsiri wa Kiswahili wameweka "ukae" kwa sababu bila kitenzi sentensi yetu ingening'inia. Salamu za Paulo za mwanzo wa barua ziko hivyo hivyo, "neema kwenu na amani", bila kitenzi. Kwa hiyo baraka iliyo maarufu kuliko zote haina optativu, haina subjunktivu, haina chochote.

Anayeandika kitenzi kwenye salamu ni Petro. 1 Petro 1:2 inamaliza kwa *plēthyntheiē*, "ziongezeke", na hiyo ni optativu isiyo na shaka. 2 Petro 1:2 na Yuda mstari wa 2 wanatumia neno lile lile.

Mzee wa Zamu

Kwa hiyo "nasi" nimeruhusiwa au sijaruhusiwa?

Bint Shangani

Mzee, hilo muulize mchungaji wako tu 🙂

Mimi nisome Biblia si desturi yangu, nimeingia kwa sababu ya lugha. Nimesoma Kiarabu, na kwenye Kiarabu dua nyingi huja kwa kitenzi cha wakati uliopita. *Rahimahullah*, ukitafsiri neno kwa neno ni "Mwenyezi Mungu amemrehemu", lakini kila mtu anajua ni dua: Mwenyezi Mungu amrehemu. *Radhiyallahu anhu* vilevile. Hakuna anayesikia hapo kwamba jambo limepita. Ni umbo ambalo lugha imeliweka kwa ajili ya dua, basi.

Nikimsoma mwalimu hapo juu naona kama optativu hii nayo ni hivyo. Lugha ina nguo yake ya kuombea. Ndugu Jabali anapima umbali wa uhakika kwenye dua, nami nadhani dua haipimwi hivyo. Au nimekosea, mwalimu?

Mama Kandili

Hujakosea hata kidogo, na umenisogeza pale nilipotaka kwenda.

Wayahudi waliotafsiri Torati kwenda Kigiriki, miaka zaidi ya 200 kabla ya Kristo, walikutana na baraka ya Haruni katika Hesabu 6:24-26. Kwa Kiswahili: "Bwana akubarikie, na kukulinda, Bwana akuangazie nuru za uso wake, na kukufadhili, Bwana akuinulie uso wake, na kukupa amani." Wao waliandika *eulogēsai*, *phylaxai*, *epiphanai*, *eleēsai*, *eparai*, na mwisho *dōē*. Vitenzi sita, vyote sita optativu. Na tazama hicho cha sita: *dōē soi eirēnēn*, akupe amani. Ni neno lile lile la Warumi 15:5.

Basi Paulo, aliyekulia kwenye maneno hayo, akiandika "Mungu mwenye saburi na faraja *dōē*", sikio la Myahudi wa Kigiriki pale Rumi lilisikia sauti ya kuhani akibariki. Halikusikia mtu anayetilia shaka. Hakuna aliyesimama mbele ya Haruni akadhani Bwana ana uwezekano mdogo wa kumlinda.

Hii pia inaeleza kwa nini optativu ilibaki hapa ilhali kwingine imekufa. Katika Agano Jipya zima hazifiki 70, na subjunktivu zimezidi 1,800. Katika mazungumzo ya kawaida ya karne ya kwanza watu walikuwa wameshaiacha kwa kiasi kikubwa. Ilibaki kwenye midomo ya watu wanapoomba, wanapobariki, wanapolaani, na kwenye maneno machache yaliyoganda. Mfano wa lililoganda ni *mē genoito*, ambalo Biblia yetu inasema "Hasha!" Liko mara 15, na 10 kati ya hizo ni ndani ya Warumi peke yake.

Jabali la Kusini

Mwalimu, naheshimu sana. Lakini kile nilichofundishwa sikukiota. Matendo 17:18, wale wanafalsafa wa Athene wanauliza kuhusu Paulo, "mpuzi huyu anataka kusema nini?" Hapo kuna optativu, *theloi*, na maana yake kweli ni ya kukisia: angetaka kusema nini huyu? Na 1 Petro 3:14, "mjapokuwa mnateswa kwa sababu ya haki", *paschoite*, hiyo ni optativu ya jambo lisilo hakika. Sasa mbona huku iwe ya mashaka na kule isiwe?

Mama Kandili

Mifano yako yote miwili ni sahihi, na ndiyo ile sehemu ya ukweli niliyoitaja. Ila angalia kila mmoja umekuja na nini. Matendo 17:18 ina *an* kando ya kitenzi: *ti an theloi*. Chembe hiyo *an* ndiyo inayoifanya optativu iwe ya kukisia. 1 Petro 3:14 inaanza na *ei*, "kama": *ei kai paschoite*. Masharti yanaletwa na *ei*. Optativu ya baraka haina *an* wala *ei*. Iko peke yake kabisa. Ukiona optativu, kabla hujasema maana yake, tazama jirani zake.

Na kama unataka ushahidi kwamba optativu ya baraka haina mashaka, usinisikilize mimi, msikilize Paulo mwenyewe kwenye 1 Wathesalonike 5:23-24. "Mungu wa amani mwenyewe awatakase kabisa", *hagiasai*, optativu. "Nafsi zenu na roho zenu na miili yenu mhifadhiwe", *tērētheiē*, optativu ya pili. Kisha mara moja, bila hata kuvuta pumzi: "Yeye ni mwaminifu anayewaita, ambaye atafanya." Huko mwisho ni *poiēsei*, wakati ujao wa kauli ya kueleza. Atafanya. Mtu anayeona jambo liko mbali hawezi kuandika "atafanya" kwenye sentensi inayofuata. Anachokitofautisha ni kuomba na kutangaza: kwanza anaomba, kisha anatangaza kwamba aliyeombwa ni mwaminifu.

Jabali la Kusini

Hoja ya 1 Wathesalonike ina uzito, siwezi kuikataa. Bado naona kwa Warumi 15 muktadha wa ugomvi unaipa optativu ladha fulani ya shauku. Anatamani sana kwa sababu hawajapatana.

Mama Kandili

Shauku nakubali. Shauku na mashaka ni vitu viwili.

Fundi Sarufi

Nimesoma isimu ya Kiswahili, naomba nijibu lile swali la mwanzo la mtumishi kuhusu -e mbili.

Si kweli kwamba Kiswahili hakitofautishi. Hakitofautishi kwenye mwisho wa kitenzi, lakini kinatofautisha mbele yake. Fanya jaribio: kwenye "Mungu awajalie" pachika *na* kabla ya kitenzi. "Mungu na awajalie." Inakubali vizuri, na inakuwa dua iliyo wazi zaidi. Sasa jaribu kwenye sehemu ya pili: "ili kwa kinywa kimoja *na* mmtukuze Mungu". Imevunjika. *Ili* na hiyo *na* ya dua hazikai nyumba moja. Kwa hiyo kichwani mwa Mswahili hizi -e mbili zina kazi mbili, hata kama umbo ni moja.

Na watafsiri waliitumia *na* hiyo. Luka 1:38, Mariamu anamwambia malaika: "na iwe kwangu kama ulivyosema." Matendo 8:20, Petro anamwambia Simoni: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Mwalimu, Kigiriki cha mistari hiyo ni nini?

Mama Kandili

Fundi, asante sana kwa hili. Luka 1:38 ni *genoito moi*. Matendo 8:20 ni *eiē*. Zote optativu! Sitasema *na* ya Kiswahili ni optativu, kwa sababu watafsiri wanaitumia pia pale ambapo Kigiriki kina amri ya nafsi ya tatu, na kwenye Warumi 15:5 hawakuiweka mbele ya kitenzi. Lakini jaribio lako nitalipeleka darasani.

Sasa nimrudie mwenye uzi. Uliuliza kama subjunktivu huwa inasimama yenyewe kwa nafsi ya tatu. Chukua mti wa mtini aliouambia Yesu usizae. Marko 11:14: "Tangu leo hata milele mtu asile matunda kwako." Kitenzi ni *phagoi*, optativu. Mathayo 21:19, tukio lile lile: "Yasipatikane matunda kwako tangu leo hata milele." Kitenzi ni *genētai*, na hiyo ni subjunktivu, nafsi ya tatu, bila *hina*.

Kwa hiyo ndiyo, ipo. Ila ona kwamba zote mbili ni za kukanusha, zinaanza na *mēketi*, "usiwe tena". Subjunktivu ya Kigiriki ilikuwa na kazi ya zamani ya kukataza, na kupitia kukataza huko iliweza kuifikia nafsi ya tatu. 1 Wakorintho 16:11, "mtu ye yote asimdharau", ni subjunktivu ya namna hiyo. Penye kukataza, dhamira hizi mbili zilikuwa zimeshaanza kuingiliana. Penye kutakia mema, kubariki bila kukanusha, wenye kubariki wa Agano Jipya wanashika optativu.

Mwinjilisti_K

Nimefungua Warumi yote baada ya kusoma hapa. Nimeangalia 6:1-2 na nadhani nimeona kitu, naomba unisahihishe. "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!" Kwa Kigiriki naona *epimenōmen*, kisha *hina … pleonasē*, kisha *mē genoito*. Je, hizo ni subjunktivu mbili na optativu moja?

Mama Kandili

Ndivyo hasa. Na tazama kila moja inafanya nini. *Epimenōmen*: "tudumu?" Ni nafsi ya kwanza wingi, watu wanajiuliza la kufanya. *Pleonasē*: imebebwa na *hina*, ni lengo. *Mē genoito*: "lisiwe jambo hilo kamwe", imesimama peke yake. Hiyo ya mwisho ni tamko la kutakia kwa kukataa, na hakuna mtu aliyewahi kuisikia "Hasha!" ya Paulo kama mashaka. Jabali, huo ni ushahidi mwingine.

Kijiti cha Wino

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, nina swali la maandishi. Mwalimu umesema *dōē* ya Warumi 15:5 ni optativu. Lakini kwenye kamusi yangu naona *dōē* inatajwa pia kama subjunktivu. Zinatofautishwaje?

Mama Kandili

Hili ndilo swali gumu kuliko yote yaliyoulizwa hapa.

Zote mbili zinaandikwa kwa herufi tatu: delta, omega, eta. Kinachozitenga kwenye Biblia iliyochapwa ni iota ndogo ya chini. Ikikaa chini ya omega, ni optativu. Ikikaa chini ya eta, ni subjunktivu. Tatizo ni kwamba hati za kale za herufi kubwa kwa kawaida haziandiki iota hiyo kabisa, na matamshi ya wakati huo hayakuitoa. Mwandishi aliyekuwa akinakili aliona na kusikia kitu kimoja tu. Kwa hiyo iota unayoiona kwenye kitabu chako imewekwa na mhariri, kwa kuamua kutokana na sarufi.

Warumi 15:5 uamuzi ni rahisi: hakuna *hina*, sentensi imesimama, ni baraka isiyo na kukanusha. Optativu. Nadhani hakuna mhariri anayebisha. Lakini fungua Waefeso 1:17, ambapo Paulo anasema haachi kuwaombea, "Mungu wa Bwana wetu Yesu Kristo, Baba wa utukufu, awape ninyi roho ya hekima na ya ufunuo". Kitenzi ni hizo hizo delta, omega, eta, na mbele yake kuna *hina*.

Kijiti cha Wino

Kama kuna *hina* basi si ni subjunktivu? Kwa kanuni yako mwenyewe.

Mama Kandili

Kwa kanuni, ndiyo, na matoleo ya Kigiriki yanayotumika sana leo yanaiweka iota chini ya eta. Hati moja ya karne ya 4, ile inayotunzwa Vatikani, inaandika *dō* badala yake, ambayo haiwezi kuwa kitu kingine isipokuwa subjunktivu. Lakini matoleo ya zamani yaliyochapwa yaliichapa kama optativu, na sababu haikuwa uzembe. Mstari ni sala. Mtendaji ni Mungu, kitenzi ni "kutoa", na wanaopewa ni ninyi. Ni maneno ya Haruni na ya Warumi 15:5 tena. Upo uwezekano kwamba baraka imemtoka mwandishi katika umbo lake la desturi hata baada ya *hina*.

Mimi naegemea subjunktivu, kwa sababu ya *hina* na kwa sababu ya hati hiyo ya Vatikani. Siwezi kusema suala limefungwa.

Jabali la Kusini

Mimi naegemea optativu hapo. Hati ya Vatikani inaweza kuwa inaonyesha mwandishi aliyeona umbo geni baada ya *hina* akalirekebisha liwe la kawaida. Mtu hurekebisha kwenda kwenye kinachofahamika, harekebishi kwenda kwenye adimu.

Mama Kandili

Jabali, hiyo ni hoja ya mtu anayejua kusoma hati, na sina jibu la kuimaliza. Ninachoweza kuuliza ni hiki: kama *dōē* ya hati nyingine ilisomwa na waandishi wenyewe kama subjunktivu ya kawaida ya siku zao, je, kulikuwa na kitu cha kurekebisha?

Fundi Sarufi

Na kwa Kiswahili cha Waefeso 1:17, "awape" hakuna *ili* mbele yake kwenye toleo nililo nalo. Inasomeka kama dua iliyosimama. Jaribio langu linakubali: "Mungu … na awape". Watafsiri wetu wameiacha wazi pande zote mbili.

Mwinjilisti_K

Walimu wangu, Mungu awajalie. Somo letu ni Alhamisi. Nitawapa wazee mistari mitatu tu: Hesabu 6:24-26, Warumi 15:5-6, na 1 Wathesalonike 5:23-24, kila mmoja aweke mstari chini ya kitenzi ambacho Mungu ndiye anaombwa, na chini ya kile ambacho sisi tunatarajiwa kukifanya. Waefeso 1:17 nitaiacha kwanza.

Mzee wa Zamu

Mtumishi, hicho kikundi kiko wapi? Na mimi ningependa kuja, nina swali langu la "nasi" bado.

Kijiti cha Wino

Mwalimu, kabla hujaondoka: 2 Timotheo 1:16 na 1:18, Paulo akimwombea Onesiforo, "Bwana awape rehema wale walio wa mlango wake", kisha "Bwana na amjalie kuona rehema machoni pa Bwana siku ile". Hizo nazo ni delta, omega, eta? Na hapo hakuna *hina*?

Mama Kandili

Zote mbili ni hizo hizo, na hakuna *hina*. Optativu. Ila nenda mbele kidogo hadi 2:25, "ili kama ikiwezekana, Mungu awape kutubu", ukaangalie neno linaloitangulia ni lipi. Ni *mēpote*. Andika hapa unaisoma kwa iota ya wapi, na sababu zako.

Kijiti cha Wino

Nipe mpaka kesho.